Mkazo unapoliacha neno la mwisho: niliyojifunza kwa kufundisha Kiingereza cha kusema

Wengi wa watu wazima ninaowafundisha Kiingereza cha kusema wanakijua vizuri kwenye karatasi. Sarufi wanayo, msamiati wanao, na matamshi ya neno moja moja hayana kasoro kubwa. Hata hivyo wakizungumza kwenye kikao, wasikilizaji wanachoka mapema, wanaomba kurudiwa, au wanauliza maswali yanayoonyesha kwamba wamesikia jambo jingine kabisa. Mtu wa namna hiyo akija kwangu husema, "Mwalimu, nirekebishie lafudhi." Siku hizi lafudhi siianzii. Naanza kwa kusikiliza mambo mawili tu: anakata wapi sentensi yake, na katika kila kipande alichokikata, sauti yake inaegemea neno lipi.

Mzungumzaji wa Kiingereza hatoi sentensi ndefu kwa mkupuo mmoja. Huitoa kwa vifungu, mara nyingi vya maneno matatu hadi saba hivi, na kila kifungu hubeba wazo dogo linaloshikika. Ndani ya kifungu maneno kadhaa yanaweza kuwa na mkazo, lakini silabi moja ndiyo yenye mkazo mkuu. Silabi hiyo hurefuka, irabu yake husikika wazi, na hapo ndipo sauti inapoanza kupanda au kushuka kwa namna inayosikika. Msikilizaji aliyezoea lugha hiyo huikamata silabi hiyo bila kufikiri, kisha hulichukua neno lake kuwa kiini cha kifungu. Ukiuweka mkazo mkuu pasipo pake, yeye haoni kwamba umekosea matamshi. Anaona kwamba umesema jambo lingine.

Nitaeleza kwa mfano wa mhandisi mmoja niliyemfundisha, kwa sababu ripoti yake ilikuwa fupi na ilikuwa na karibu kila kitu ninachotaka kusema. Alitakiwa kuwaeleza wenzake wa nje matokeo ya majaribio ya pampu mbili. Maneno yake yalikuwa haya:

"Last month we tested two pumps. The small pump failed after three hours because the seal was too thin. We changed the seal, and now the pump runs all day. The big pump is still waiting for its seal."

Sentensi ni nyepesi, na hakuna neno gumu. Lakini baada ya kuzisoma kikaoni, mwenyekiti alimuuliza kama sehemu nyingine za pampu ziliachwa kama zilivyokuwa, na mwingine akataka kujua ile pampu kubwa imepungukiwa na nini. Alinijia na rekodi ya kikao, amekasirika kidogo, kwa kuwa aliona majibu yote yalikuwa tayari ndani ya ripoti.

Tuliisikiliza pamoja. Katika maandishi yafuatayo mstari wa kulala unaonyesha alipokata, na herufi kubwa zinaonyesha silabi yenye mkazo mkuu. Hivi ndivyo alivyosoma:

Last month we tested / two PUMPS. / The small PUMP failed after / three hours beCAUSE / the seal was too THIN. / We changed the SEAL / and now the PUMP / runs all DAY. / The big PUMP is still waiting for / its SEAL.

Tuanze na kukata. Alikata baada ya "after", baada ya "because" na baada ya "for". Maneno haya madogo, yaani vihusishi na viunganishi, katika Kiingereza hushikamana na kinachofuata, si na kilichotangulia. Vivyo hivyo "a", "the", "its" na "to". Kifungu kikiishia kwenye neno la namna hiyo, msikilizaji hubaki ananing'inia, kwa sababu neno hilo halina maana mpaka mwenzake aje. Mapumziko hayo si ya kupumua. Mhandisi wangu alikuwa na pumzi ya kutosha. Nimesikia tabia hiyo hiyo kwa wengi wetu, na nadhani tunaitoa katika Kiswahili chetu cha mikutano, ambapo mtu husema "tumeona kwamba", akatua, kisha akaendelea. Au "kwa sababu", akatua, akitafuta maneno yanayofuata. Kwetu hilo halimsumbui mtu. Kwa Kiingereza mpaka huja kabla ya "because" na kabla ya "that", na kiunganishi huanza kifungu kipya kikitamkwa haraka na bila nguvu.

Basi mpaka wa kifungu unawekwa wapi? Sikufanikiwa kamwe kwa kuwafundisha watu orodha ndefu ya kanuni. Kilichonisaidia ni kuwaambia watafute viungo vikubwa vya sentensi: kielezi kinachofungua, kiima, kiarifu pamoja na vifuasi vyake, kishazi tegemezi. Mpaka hupita kati ya viungo hivyo, haupiti ndani ya kiungo. Kiima kifupi kama "we" au "it" hakistahili kifungu chake. Kinaungana na kitenzi. Kiima kirefu kinastahili, na hapa uandishi unawapotosha watu wengi. Chukua "The small pump that we bought in June failed after three hours." Kwenye karatasi ni marufuku kuweka mkato kati ya "June" na "failed", lakini mdomoni hapo ndipo pa kukata. Kinyume chake, "Yes, sir" ina mkato kwenye karatasi, lakini mdomoni kwa kawaida hutoka kwa kifungu kimoja. Anayesoma kwa kufuata mikato tu ataacha mipaka ya lazima na kuweka mingine isiyohitajika.

Kuna mahali ambapo mpaka peke yake hubeba maana yote, na mhandisi huyu aliupenda mfano huu kuliko mingine. Tamka hesabu hii: "two plus three times five". Ukikata hivi, "two plus three / times five", aliyekuandikia ataweka (2+3)×5 na atapata 25. Ukikata "two / plus three times five", ataandika 2+(3×5) na atapata 17. Maneno ni yale yale kwa mpangilio ule ule. Mabano ya kwenye karatasi yamegeuka kuwa mpaka wa sauti, na hakuna kitu kingine kinachoyawakilisha.

Nilipomweleza hayo, alianza kukata kwa kunyamaza. Kila mpaka ulikuwa kimya kizima, na ripoti ikageuka kuwa imla. Kukata si lazima iwe kunyamaza. Mara nyingi kati ya vifungu viwili hakuna kimya hata kidogo. Kinachoufanya mpaka usikike ni kwamba silabi za mwisho za kifungu huvutwa kidogo, sauti hufika mahali inapotua au inapoinuka kuashiria kwamba bado kuna maneno, kisha kifungu kinachofuata huanza upya katika kimo chake, mara nyingi kwa maneno madogo yanayokimbia. Zoezi nililompa lilikuwa kusema "failed after three hours because the seal was too thin" bila kimya popote, ila avute irabu ya "hours", kisha apite haraka kwenye "because the" hadi afike "seal". Akifanya hivyo, mpaka unasikika wazi ingawa hewa haijakatika.

Sasa mkazo mkuu, ambao ndio uliomletea yale maswali.

Kanuni ya kuanzia ni kwamba mkazo mkuu hukaa kwenye neno la mwisho la kifungu lenye uzito wa maana: nomino, kitenzi kikuu, kivumishi. Ndiyo maana "we tested two PUMPS" na "the seal was too THIN" alizisema sawasawa. Mwanafunzi mwenye lugha ya kwanza kama yetu hulipata hilo bila shida. Shida ni kwamba analifanya hata pale ambapo neno la mwisho halina jambo jipya.

Mhandisi aliposema "We changed the SEAL", mwenyekiti alisikia jibu la swali "Mlibadilisha nini?" Sili, yaani "seal", si kingine. Kwa hiyo akauliza habari za sehemu nyingine, na swali lake lilikuwa halali kabisa kwa alichokisikia. Lakini sili ilikuwa imeshatajwa katika sentensi iliyotangulia. Kila mtu alikuwa nayo kichwani. Jambo jipya lilikuwa kitendo walichoifanyia. Kiingereza kinataka "We CHANGED the seal", na neno "seal" linafuata chini chini, bila kupanda, likitamkwa haraka. Nomino haifutwi. Inateremshwa tu, na kuteremshwa huko kunamwambia msikilizaji, hiki unakijua tayari.

Nilitafuta muda mrefu njia ya kulieleza hili kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili, na nikaikuta ndani ya kitenzi chetu wenyewe. Mtu akikuuliza "Mlibadilisha nini?" utajibu "Tulibadilisha sili." Akikuuliza "Sili mliifanyaje?" hutajibu hivyo. Utasema "Tuliibadilisha", au ukipenda kuitaja, "Sili tuliibadilisha." Ile "i" ndani ya kitenzi inaonyesha kwamba kitu tayari kiko mezani. Kiingereza hakina kiambishi hicho. Kazi hiyo hufanywa na sauti. Kwa hiyo huwaambia wanafunzi wangu: sema sentensi yako kwanza kwa Kiswahili. Kama kitenzi chako kimedai kiambishi cha yambwa kwa ajili ya kitu fulani, basi kwa Kiingereza uondoe mkazo mkuu kwenye nomino ya kitu hicho na uurudishe nyuma, kwenye kitenzi au kwenye neno jipya lililo karibu. Kipimo hiki kinafaa kwa vitu. Kwa watu hakifai, kwa kuwa "nilimwona mkurugenzi" hubeba kiambishi hata kama mkurugenzi ndiye habari mpya.

Kuna ndugu wa kipimo hicho: "ndiye", "ndiyo", "ndicho" na jamaa zake. Katika ripoti ile, pampu zilikuwa mbili, na kilichoharibika kilikuwa pampu ndogo. Kwa Kiswahili tungesema "ile ndogo ndiyo iliyoharibika." Kiingereza husema "The SMALL pump", mkazo ukitua kwenye kivumishi, na "pump" ikiteremshwa kwa sababu tumeshaambiwa kwamba ni pampu. Yeye alisema "The small PUMP", kisha mbele "The big PUMP", na tofauti pekee kati ya sentensi hizo mbili, yaani ndogo na kubwa, ikawa ndiyo sehemu iliyofifia zaidi. Msikilizaji wa upande wa pili, mwenye mtandao usio imara, alisikia pampu na pampu.

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. "Is still waiting for its SEAL" inafanya sili ionekane kama habari mpya, kana kwamba ni kifaa kingine ambacho hakijatajwa. Ndipo mtu akauliza pampu kubwa imepungukiwa na nini. Alichotaka kusema ni kwamba ile ndogo imeshatengenezwa na ile kubwa bado inangoja. Kwa hiyo "The BIG pump / is still WAITing for its seal." Tulibishana kidogo hapa, kwani yeye aliona ni afadhali kuukaza mkazo kwenye "still". Linawezekana. "Is STILL waiting" litasikika kama lawama, kana kwamba mtu fulani amechelewesha. Nilimuuliza kama anataka kulaumu mbele ya kikao chote. Hakutaka.

Ripoti nzima, baada ya kazi hiyo, ilisomeka hivi:

Last MONTH / we tested two PUMPS. / The SMALL pump / failed after three HOURS / because the seal was too THIN. / We CHANGED the seal / and NOW / the pump runs all DAY. / The BIG pump / is still WAITing for its seal.

Huu si mgawanyo pekee ulio sahihi. Anayesema haraka ataunganisha "Last month we tested two pumps" kuwa kifungu kimoja chenye mkazo mkuu mmoja kwenye "pumps", na hakuna kitakachoharibika. Kadiri unavyosema taratibu au kwa watu wengi, ndivyo vifungu vinavyokuwa vifupi na vingi. Lakini kila mpaka unaouongeza unadai mkazo mkuu wake, na mtu akikata mno, kila neno linakuwa kiini na msikilizaji hajui ashike lipi. Niliiacha "and NOW" ijitenge kwa sababu hapo ndipo hadithi inapogeuka, kutoka kuharibika hadi kufanya kazi.

Njia yangu ya kutafuta mkazo mkuu, mtu anapokwama, ni kuuliza sentensi yake inajibu swali gani. Kila kifungu kina swali lililojificha nyuma yake. "Failed after three hours" inajibu "iliharibika baada ya muda gani?" "We changed the seal" inajibu "mkaifanya nini?" Neno linalojibu swali ndilo lenye mkazo, na yaliyokwisha kuwemo ndani ya swali huteremka. Nawafanya waandike swali hilo kwa penseli juu ya kila kifungu kabla ya kufungua mdomo. Ni kazi ya kuchosha kwa ukurasa wa kwanza, lakini ukurasa wa pili huenda haraka.

Yapo mambo ambayo swali hilo haliyafunui, na inabidi kuyajua tu. Kielezi cha wakati kikija mwishoni bila kuwa ndicho kiini, mara nyingi huachwa bila mkazo mkuu: "We had a MEETing yesterday", si "YESterday". Kihusishi kinachobaki mwishoni mwa swali hakikazwi: "What are you LOOKing at?" Lakini kijineno kinachokamilisha kitenzi hukazwa kama yambwa ni kiwakilishi: "Turn it OFF." Na kuna sentensi fupi za kutangaza tukio, ambazo mkazo wake huenda kwenye kiima hata kama kitenzi nacho ni kipya: "The PHONE's ringing." Nimeona watu wakisema "The phone's RINGing", na aliyesikia akadhani walikuwa wamekaa wakiisubiri simu hiyo.

Kuna anayeuliza kama yote haya yana faida kwa mtu anayezungumza Kiingereza na watu ambao nao si wenyeji wa lugha hiyo. Mtafiti Jennifer Jenkins, aliyechunguza mazungumzo ya watu wa namna hiyo na kutoa matokeo yake mwaka 2000, aliweka mahali pa mkazo mkuu miongoni mwa mambo machache yanayohitajika ili watu waelewane, huku akiacha nje ya orodha hiyo mambo mengi ambayo walimu huyahangaikia, mojawapo likiwa namna sauti inavyopanda na kushuka. Inakubaliana na ninayoyaona darasani. Mhandisi wangu alibaki na lafudhi yake yote, na "th" zake bado ni zake, sikuzigusa. Hata hivyo ni kweli kwamba ziko aina za Kiingereza duniani ambazo wenyewe hawauteremshi mkazo kwenye neno lililokwisha kutajwa, na wakiwa wao kwa wao hawapotezani. Tatizo hutokea pale msikilizaji anapotegemea ishara hiyo na wewe ukampa ile iliyo kinyume.

Kujikagua si vigumu. Jirekodi ukisema dakika moja, kisha sikiliza kwa sauti ya chini sana, kiasi cha kutotambua maneno. Kitakachobaki ni vilele vya sauti. Vihesabu, kisha rudi kwenye maandishi uone vimeangukia maneno gani. Kama vilele vyote viko mwisho wa vifungu bila kubadilika, unakaza kwa mazoea. Anayependa kuona kwa macho anaweza kutumia Praat, programu ya bure iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo huchora mstari wa kimo cha sauti chini ya rekodi. Baada ya mkazo mkuu ulioshushwa vizuri, mstari huo hulala chini hadi mwisho wa kifungu. Katika rekodi ya kwanza ya mhandisi ulipanda tena kwenye kila "seal"; katika ya mwisho, baada ya "CHANGED", uliteremka na kubaki huko huko.

Kusoma ripoti iliyotiwa alama ni jambo moja, kuzungumza bila karatasi ni lingine. Hapo hakuna muda wa kuandika maswali. Ninachowaelekeza wafanye ni kutofungua kifungu kabla hawajajua neno litakalobeba mkazo wake. Wakikwama, wakwamie kwenye mpaka, baada ya neno zito, kabla ya "because". Kimya kinachokaa hapo, hata kikiwa kirefu, husikika kama mtu anayefikiri, na msikilizaji anasubiri akiwa na kipande kamili mkononi.